Viza inasema saa 20 kwa wiki, ratiba ya kazi nayo inasema 20. Mbona naambiwa nitavuka?

#1 Mwanga_Masomo
Wakuu habari zenu. Niko Uingereza nasoma masta ya mwaka mmoja, viza yangu inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Nimepata kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, sijaanza bado. Supavaiza amenitumia ratiba ya wiki mbili mbili inayojirudia, na wiki yao ya malipo ni Jumapili hadi Jumamosi:

Wiki ya 1: Jumapili saa 4, Ijumaa saa 8, Jumamosi saa 8. Jumla 20.
Wiki ya 2: Jumapili saa 8, Jumanne saa 6, Jumatano saa 6. Jumla 20.

Mimi naona iko sawa kabisa. Ila kuna dada wa darasani kwetu kaitazama akaniambia nisisaini, eti nitavunja masharti ya viza. Nikimuuliza kivipi, anasema tu "nenda kaulize". Na hii kazi naihitaji. Nimeshawaambia nyumbani kwamba kila mwezi nitatuma kiasi cha mshahara wa saa 30 hivi, mdogo wangu alipiwe ada. Naombeni ufafanuzi kabla sijasaini.

#2 Ngome
Huyo dada anakutisha bure. Wanachoangalia ni wastani. Wiki moja ukifanya 24 na nyingine 16 unabaki kwenye 20. Serikali inaona mshahara wa mwezi tu, haijui ulifanya Ijumaa au Jumanne. Saini upige kazi.

#3 Safari_Njema
Kwetu huku ni saa 48 kwa wiki mbili, kwa hiyo una 24 kila wiki, mbona unasema 20? Walibadilisha tangu Julai 2023.

#4 Jicho_la_Tatu
@Safari_Njema wewe uko Australia mdau, mwenzio yuko Uingereza. Soma uzi kwanza.

#5 Bi_Ratiba
Mwanga, huyo dada yako wa darasani yuko sahihi, mpe shukrani zake. Nimeshughulika na mishahara ya wafanyakazi kwa muda, na hili ndilo linalowaangusha wanafunzi ambao hawakuwa na nia ya kuvunja kitu chochote.

Kwa masharti ya viza ya mwanafunzi ya Uingereza, wiki ni siku saba zinazoanzia Jumatatu na kuishia Jumapili. Haijalishi mwajiri anafunga mahesabu yake siku gani. Wa kwako anafunga Jumamosi, kwa hiyo Jumapili yake ni mwanzo wa wiki, wakati kwa idara ya uhamiaji Jumapili hiyohiyo ni mwisho wa wiki iliyotangulia.

Sasa chukua ratiba yako uikate upya. Ijumaa ya wiki ya 1 ni saa 8, Jumamosi 8, halafu Jumapili inayofuata, ambayo mwajiri ameiweka wiki ya 2, ni saa 8 nyingine. Siku tatu mfululizo, saa 24, zote ndani ya Jumatatu hadi Jumapili moja. Wiki inayofuata una Jumanne 6, Jumatano 6, na Jumapili ya saa 4 ratiba inapojirudia, jumla 16. Hati yako ya mshahara itaonyesha 20 na 20, lakini kwa masharti ya viza umefanya 24 na 16.

@Ngome, wastani haupo kwenye sheria hiyo. Saa ulizoacha wiki moja hazihamii nyingine. Kuhusu kuonekana, ni kweli taarifa ya kodi haionyeshi ulifanya kazi siku gani. Lakini kumbukumbu za kuingia na kutoka kazini ziko kwa mwajiri siku kwa siku, na akikaguliwa ndizo zinazofunguliwa.

#6 Mwanga_Masomo
Duh. Asante sana Bi_Ratiba, sasa nimemwelewa yule dada. Kwa hiyo hata mwajiri mwenyewe hajui?

#7 Bi_Ratiba
Mara nyingi hajui, wala hafanyi kwa makusudi. Programu ya ratiba wameiwekea kikomo cha 20 kwa kila mwanafunzi, lakini inahesabu kwa wiki ya malipo. Inapokubali, supavaiza anaamini mambo yako sawa.

Swali kabla sijaendelea: ile Jumapili ya saa 8 ni mchana au usiku?

#8 Chapakazi
Mnajitesa na mahesabu. Nunua baiskeli, jisajili kwenye zile programu za kupeleka chakula majumbani. Hakuna supavaiza, hakuna ratiba, unafanya muda unaotaka wewe. Jamaa zangu wengi ndivyo wanavyoishi na nyumbani wanatuma.

#9 Mama_Wawili
@Chapakazi usimpoteze mtoto wa watu. Zile kazi ni za kujiajiri, unasajiliwa kama mtu mwenye biashara yake. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri hata saa moja, haijalishi umebaki chini ya 20. Mtu anafanya saa tano kwa wiki akidhani yuko salama sana, kumbe tatizo ni aina ya kazi yenyewe.

#10 Chapakazi
Wengine wanakodi akaunti ya mtu mwenye ruhusa.

#11 Mama_Wawili
Na siku akigongwa na gari, akaunti ina jina la nani? Akidhulumiwa malipo atashitaki kwa jina la nani? Usilete hilo hapa.

#12 Mwanga_Masomo
@Bi_Ratiba imeandikwa mchana, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Ila supavaiza alisema kama napenda anaweza kunibadilishia iwe usiku, saa 4 usiku Jumapili hadi saa 12 asubuhi Jumatatu. Usiku wanalipa zaidi kidogo.

#13 Bi_Ratiba
Hapo picha inabadilika. Zamu ya usiku wa kuamkia Jumatatu inakatwa saa sita usiku. Saa mbili za mwanzo zinabaki wiki inayoisha, saa sita zinaingia wiki mpya. Kwa hiyo Ijumaa 8, Jumamosi 8, Jumapili 2, unapata 18. Umeshuka chini ya 20. Wiki mpya unaanza na 6 za alfajiri ya Jumatatu, Jumanne 6, Jumatano 6, nazo ni 18.

#14 Ngome
Si mnaona! Tatizo limekwisha, achukue usiku na hela ni nzuri zaidi.

#15 Jicho_la_Tatu
Subirini kwanza. Bi_Ratiba, kwenye #5 ulikumbuka kwamba ratiba inajirudia, hapa umeisahau. Baada ya Jumatano ya wiki ya 2 inakuja Jumapili ya saa 4, na hiyo bado iko ndani ya wiki ileile iliyoanza na alfajiri ya Jumatatu. 18 ukijumlisha 4 ni 22. Amevuka tena, safari hii upande wa pili.

#16 Bi_Ratiba
Kweli kabisa Jicho, nimeiruka. Kwa zamu ya mchana ni 24 na 16, kwa zamu ya usiku ni 18 na 22. Zote mbili zinavuka wiki moja kati ya mbili. Akichukua usiku, ile Jumapili fupi lazima ipungue iwe saa 2, na sidhani kama kuna mwajiri atakayemwita mtu kwa saa mbili.

#17 Dr_Mtarajiwa
Nimesoma mpaka hapa na sijaona mtu aliyeuliza Jumatatu ana kipindi saa ngapi.

#18 Mwanga_Masomo
Jumatatu nina lekcha saa 4 asubuhi hadi saa 6 mchana, halafu semina jioni.

#19 Dr_Mtarajiwa
Basi usiku wa Jumapili usiuguse, hata kama hesabu ingekubali. Utatoka kazini saa 12 asubuhi, ufike chumbani saa 1 na kitu, ulale kwa muda wa saa mbili halafu uende lekcha. Wiki ya kwanza utaweza. Mwezi wa pili utaanza kukosa semina ya jioni, na chuo ndicho mdhamini wa viza yako. Kinafuatilia mahudhurio na kina wajibu wa kuripoti mwanafunzi aliyeacha kushiriki masomo. Watu wanahangaika na saa 20 wakasahau kwamba viza inaweza kuondoka kwa mlango wa mahudhurio bila hata kuvuka saa moja ya kazi.

Tena mtazame mzigo wenyewe wa masomo. Masta ya huko ni krediti 180, na kila krediti moja inahesabiwa kama saa 10 za kusoma, vipindi na kujisomea vyote humo. Ni saa 1,800. Ukizigawa kwa wiki kama 45 unapata saa 40 kila wiki. Kwa hiyo ukifanya kazi saa 20, wiki yako ni ya saa 60 kabla hujapanda basi wala kupika. Inawezekana, mimi nimeona wanaoiweza, lakini hakuna nafasi ya kulala mchana wa Jumatatu.

#20 Mama_Wawili
Hizo 40 kwa wiki ni za kwenye karatasi, Daktari. Kuna wiki unasoma 25 na kuna wiki za kukabidhi asainimenti tatu unasoma 60. Tatizo la ratiba inayojirudia ni kwamba haijui wiki ya asainimenti ni ipi.

#21 Dr_Mtarajiwa
Nakubali hiyo. Ndiyo maana tarehe za kukabidhi zipelekwe kwa supavaiza mapema, siyo wiki yenyewe.

#22 Elbe_77
Huku Ujerumani wengi tunahesabu siku, siyo saa za wiki. Siku 140 nzima kwa mwaka au nusu siku 280, tangu Machi 2024. Nusu siku ni hadi saa nne. Mtu akifanya saa tano anakuwa ametumia siku nzima, kwa hiyo watu wanaangalia sana ile saa ya tano.

#23 Safari_Njema
Nami nirekebishe niliposema 24 kila wiki. Huku kwetu wiki mbili zinahesabiwa kuanzia kila Jumatatu, yaani zinapandana. Wiki ya 1 na ya 2 ni jozi, ya 2 na ya 3 nayo ni jozi. Ukifanya 15, halafu 30, halafu tena 30, jozi ya kwanza ni 45 uko salama, ya pili ni 60 umeshavuka. Kumbe ni ugonjwa uleule wa Mwanga.

#24 Ngome
Basi haya, turudi kwa Mwanga. Ijumaa apunguze saa 4 aziweke Alhamisi ya wiki ya 2. Kwa hesabu ya Bi_Ratiba itakuwa 20 na 20. Nimejifunza, sijasema wastani!

#25 Bi_Ratiba
Vizuri sana Ngome, hesabu ya viza hapo imekaa. Ijumaa 4, Jumamosi 8, Jumapili 8, ni 20. Jumanne 6, Jumatano 6, Alhamisi 4, Jumapili 4, ni 20.

Sasa iangalie kwa macho ya programu ya mwajiri. Wiki ya 1 yake itakuwa Jumapili 4, Ijumaa 4, Jumamosi 8, jumla 16. Wiki ya 2 itakuwa Jumapili 8, Jumanne 6, Jumatano 6, Alhamisi 4, jumla 24. Programu itakataa, itamwambia supavaiza kwamba mwanafunzi kavuka. Yaani ratiba halali inaonekana haramu, na ile haramu ndiyo inayopita. Nimeliona hili, na supavaiza hubishana na mwanafunzi kwa sababu skrini inasema hivyo.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuiacha Jumapili. Usipofanya kazi Jumapili, siku zinazobaki ni Jumatatu hadi Jumamosi, na wiki zote mbili, ya viza na ya malipo, zinakuwa na siku zilezile. Programu ikisema 20, ni 20 kweli.

#26 Mwanga_Masomo
Tatizo Jumapili wanalipa juu. Nikiiacha, zile saa 30 nilizoahidi nyumbani zinakuwa kama 33 au 34 kwa malipo ya siku za kawaida.

#27 Tulia
Nimekaa kimya nasoma, hapa naomba niongee, maana kwangu hiyo ahadi ndiyo mzizi wa mambo yote.

Mwanga, umeahidi kutuma kwa kuangalia mwezi mzuri. Mkataba wako unasemaje? Wamekuhakikishia saa 20, au ni mkataba usio na saa za uhakika?

#28 Mwanga_Masomo
Hauna saa za uhakika. Wanasema "hadi 20".

#29 Tulia
Nilijua. Mimi nilianza hivyohivyo. Oktoba na Novemba nilipewa zote, Desemba likizo ya chuo nikafanya muda wote na nikatuma vizuri sana. Januari kazi zilipopoa nikapewa chini ya nusu, na huku nyumbani walishapanga mambo kwa hesabu ya Novemba. Mama hakulalamika hata siku moja, lakini nilijua ada imekwama na nikaanza kutafuta kazi ya pili. Kazi ya pili ndiyo inayowavusha watu zile saa 20, kwa sababu kila mwajiri anaona saa zake tu na kila mmoja anaamini uko salama. Wewe peke yako ndiye unayeona jumla.

Ninachofanya sasa ni kuhesabu kwa masaa, siyo kwa hela. Masaa fulani ya kila wiki ni ya chumba, fulani ya chakula na nauli, na masaa matano ya wiki ni ya nyumbani. Wiki nikipewa 20, bado ni matano. Wiki nikipewa 12, bado ni matano, na ninajibana kwingine. Nikipewa chini ya hapo, wanajua mapema. Kinachozidi kwenye likizo natuma kwa mkupuo, na tumekubaliana kwamba mkupuo huo ni wa kitu kimoja, kwa mfano muhula mzima wa ada, hauingii kwenye matumizi ya kila mwezi.

Matano kwa wiki ni kama 20 kwa mwezi. Wewe umeahidi 30. Mwezi wa kupewa saa 80 utaona ni kidogo, mwezi wa kupewa 45 utaona umeahidi theluthi mbili ya mshahara.

#30 Jicho_la_Tatu
Hii ya kuhesabu kwa masaa nimeipenda. Inakuonyesha pia gharama ya kutuma. Ukituma kila wiki, ile ada ya kutuma unailipa mara nne kwa mwezi.

#31 Mama_Wawili
Na ada siyo yote. Kuna wanaotangaza "kutuma bure" halafu wanakula kwenye kiwango cha kubadilishia fedha. Usilinganishe ada, linganisha kiasi kitakachomfikia mpokeaji kwa kiasi kilekile ulichotoa, siku hiyohiyo, saa hiyohiyo.

#32 Neema_K
Samahani naingilia uzi. Mimi nimeshaanza kazi, nimefanya saa 20 kila wiki kwa mwezi mzima, lakini mshahara wa kwanza umekuja pungufu sana, na nyumbani nimeshindwa kutuma. Naweza kuwa nimeibiwa?

#33 Ngome
Hiyo ni kodi. Wageni wanakatwa zaidi.

#34 Mama_Wawili
Hakuna kodi ya wageni @Ngome. Kiwango kisichotozwa kodi ya mapato ni pauni 12,570 kwa mwaka, na mwanafunzi wa kigeni kwa kawaida anakipata kama wengine. Neema, angalia namba ya kodi kwenye hati ya mshahara. Ikiwa ni `1257L` bila kitu baada yake uko kawaida. Ikiwa `1257L M1` wanakutoza kila mwezi peke yake, bila kuangalia miezi ambayo hukufanya kazi. Ikiwa `BR`, wanakata asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza, na hiyo hutokea wakidhani una kazi nyingine.

#35 Bi_Ratiba
Mimi ningeanza na tarehe ya kufunga mahesabu. Wengi wanafunga kati ya mwezi na kulipa mwisho wa mwezi. Ukianza tarehe 1 na wao wakafunga tarehe 15, mshahara wa kwanza ni wa wiki mbili tu, zile nyingine zinakuja mwezi ujao. Hujaibiwa, ila mwezi wa kwanza unakuwa nusu. @Mwanga_Masomo na wewe ulijue hilo, usiahidi kutuma mwezi wa kwanza.

#36 Elbe_77
Au wamekata mapumziko. Zamu ya saa 8 inaweza kuwa na nusu saa isiyolipwa.

#37 Tulia
Kuna na pensheni. Ukiwa na miaka 22 na kuendelea na mshahara wa mwezi ukafika kiwango chao, mwajiri anakuingiza mwenyewe kwenye mfuko bila kukuomba. Una mwezi mmoja wa kujitoa na ukarudishiwa ulichokatwa. Ukipitisha huo mwezi unaweza bado kujitoa, lakini kilichokwisha kukatwa kwa kawaida kinabaki kule hadi uzeeni.

#38 Neema_K
Nina miaka 24. Hati yenyewe sijapewa, wanasema iko kwenye programu na bado hawajanipa nywila. Nimepokea hela tu.

#39 Mama_Wawili
Basi hatuwezi kujua ni ipi kati ya hizi, inaweza kuwa mbili kwa pamoja. Dai hiyo hati kwanza, ni haki yako kisheria kupewa siku ya malipo au kabla. Usitume hela ya kukopa kwa sasa.

#40 Ngome
Swali la haraka: hiyo nusu saa isiyolipwa ya Elbe_77, inaingia kwenye zile 20 za viza au haiingii? Kama haiingii, Mwanga ana zamu tatu za saa 8, anapata saa moja na nusu ya bure.

#41 Jicho_la_Tatu
Hailipwi, hufanyi kazi, haiwezi kuhesabiwa.

#42 Mama_Wawili
Mimi naihesabu. Kwenye nyumba ya wazee kengele ikilia wakati wa mapumziko unaamka. Hapo ulipumzika au ulifanya kazi? Na kumbuka kazi isiyolipwa nayo inaweza kuhesabiwa, siyo malipo peke yake yanayoangaliwa.

#43 Bi_Ratiba
Nimeona waajiri wakifanya yote mawili. Ushauri wangu ni kutopanga ratiba inayotegemea hiyo nusu saa. Panga 18, ili mwenzako akichelewa kukupokea zamu na ukabaki dakika arobaini, usiwe umevuka.

#44 Chapakazi
18 tena! Kila mkijibu kijana anapungukiwa.

#45 Mwanga_Masomo
Hahaha Chapakazi ananionea huruma. Wakuu, nimempigia supavaiza. Kwanza alisema skrini inaonyesha 20 na hakuna shida, kama Bi_Ratiba alivyotabiri. Nikamtajia ile ya Jumatatu hadi Jumapili, akasema atauliza ofisi yao. Hajanirudia.

#46 Bi_Ratiba
Mtumie kwa maandishi, siku na saa zimepangwa Jumatatu hadi Jumapili, ili aone 24 kwa macho. Mwajiri naye ana la kupoteza. Tangu Februari 2024 faini ya kuajiri mtu kinyume cha ruhusa yake inaweza kufika pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi kwa mara ya kwanza. Ofisi ikilisoma hilo, majibu huja upesi.

Tena watakuomba tarehe za mihula kutoka chuoni. Wanatakiwa kuziweka kwenye faili lako.

#47 Mwanga_Masomo
Hapo nina swali. Kiangazi darasa zinaisha mwezi wa tano. Nilipanga Juni hadi Septemba nifanye muda wote nifidie, hata hizo saa za Jumapili nisizililie.

#48 Dr_Mtarajiwa
Usipange hivyo kabla hujauliza. Kwa shahada ya kwanza kiangazi ni likizo. Kwa masta ya mwaka mmoja, kiangazi ndicho kipindi cha tasnifu, na vyuo vingi vinakihesabu kama muhula hadi siku ya kukabidhi. Unabaki na 20 zako. Sisi wa uzamivu hatuna likizo kabisa mpaka msimamizi aidhinishe siku kadhaa za mapumziko kwa maandishi.

#49 Mwanga_Masomo
Mungu wangu. Hiyo ndiyo ilikuwa mpango wote wa ada ya mwakani ya mdogo wangu.

#50 Tulia
Waambie nyumbani sasa hivi, wakati bado ni mapema. Mwaka mzima kutafuta njia nyingine ya ada ni tofauti sana na kuambiwa mwezi wa sita.

#51 Ngome
Na Krismasi na Pasaka je? Hizo si likizo kwa masta?

#52 Dr_Mtarajiwa
Vyuo vingi vinazitambua, ila siyo vyote kwa kozi zote. Kuna kozi zinaanza Januari ambazo kalenda yake haifanani na ya wengine. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa inatoa barua yenye tarehe za kozi yako mwenyewe. Mwanga, iombe hiyo barua kesho, na zamu za muda wote usizikubali mpaka uwe nayo mkononi.

#53 Mwanga_Masomo
Naandika barua pepe usiku huu. Supavaiza akijibu nitaleta mrejesho. Kuhusu Jumapili bado sijaamua, hela yake inanivuta.

#54 Chapakazi
Chukua Jumapili, acha Ijumaa! Kila wiki Jumamosi 8, Jumapili 8, imebaki 4.

#55 Jicho_la_Tatu
@Chapakazi leo umeleta hesabu halali. Lakini Jumanne na Jumatano za wiki inayofuata, ukijumlisha na Jumamosi na Jumapili ratiba ikijirudia?

#56 Chapakazi
Ngoja nichukue karatasi.